Wasifukazi wa Mhudumu wa Hoteli: Andika Mzigo Ulioubeba

Kila mwaka masika yanapoelekea kwisha, hoteli za Paje, Nungwi, Diani na Malindi huanza kuita watu. Nyingi zilipunguza wafanyakazi mwezi wa Aprili, nyingine zilifunga milango kabisa, na sasa Juni inakaribia na vyumba vimeanza kushikwa. Katika wiki hizo chache ofisi ya ajira hupokea karatasi rundo kwa rundo, na karibu zote zinasema maneno yaleyale: mchapakazi, mwaminifu, mcheshi kwa wageni, anaweza kufanya kazi kwa haraka na katika zamu yoyote.

Hakuna ubaya katika maneno hayo, ila hayamsaidii msomaji kuchagua. Meneja wa mgahawa anayetafuta wahudumu sita kati ya waombaji mia moja hawezi kumtofautisha mchapakazi wa kwanza na mchapakazi wa sabini. Anachotaka kujua ni mzigo gani mtu huyu ameshaubeba, aubebe tena kwake bila kufundishwa upya tangu mwanzo. Meneja huyo anaujua mzigo huo kwa sura zake: idadi ya wageni, kazi za kila zamu, mafunzo ya usafi wa chakula, na sifa alizopewa mtu na waliomwona akifanya kazi. Hayo manne yakiandikwa vizuri, wasifukazi wa ukurasa mmoja unatosha.

Ili tuone kazi hii inavyofanyika, tumchukue mhudumu wa mgahawa aliyefanya kazi kuanzia Januari 2022 hadi Machi 2025 katika hoteli ya ufukweni yenye vyumba 64, upande wa mashariki wa Unguja. Mfano huu nimeutunga, lakini hesabu zake ni za kawaida kwa hoteli ya ukubwa huo. Wasifu wake wa zamani ulikuwa na mistari minne tu kuhusu kazi hiyo:

Nilihudumia wageni wengi kutoka nchi mbalimbali.
Nilifanya kazi zamu zote.
Nilipata mafunzo ya usafi.
Nilipata tuzo ya mfanyakazi bora.

Yote ni kweli, na yote hayana uzito. Tutaichukua mistari hiyo mmoja mmoja. Hapa naiandika kwa Kiswahili ili kila msomaji aone hoja, ingawa hoteli nyingi za kitalii hutaka wasifu wa Kiingereza. Lugha ikibadilika, hesabu na mpangilio hubaki vilevile.

Wageni wangapi, na wangapi walikuwa wako

Neno "wengi" ndilo la kwanza kuondolewa. Mhudumu wa mkahawa wa Forodhani na mhudumu wa hoteli ya vyumba 300 wote watasema wamehudumia wageni wengi, na kila mmoja atakuwa anasema kweli yake. Anza na ukubwa wa mahali ulipofanyia kazi: vyumba vingapi, mgahawa wa viti vingapi, ni bafe au ni chakula cha kuagiza kwenye menyu. Mstari huo mmoja humwezesha msomaji kujenga picha nzima kabla hujasema lolote juu yako.

Kisha tafuta idadi ya wageni. Mhudumu wetu hakuwa na takwimu za hoteli mkononi, lakini aliweza kuzipata kwa hesabu. Julai na Agosti hoteli hujaa karibu asilimia 90, yaani vyumba 58 kati ya 64. Wageni wa fukweni aghalabu hulala wawili chumbani, kwa hiyo hao ni watu 115 hivi, na kwa kuwa kifungua kinywa kimo ndani ya bei ya chumba, karibu wote hushuka kula. Novemba, mvua za vuli zinaponyesha, hoteli hujaa nusu. Vyumba 32 ni watu 64. Basi kifungua kinywa cha pale ni cha wageni 60 hadi 115, kulingana na msimu.

Hapo wengi husimama, na hapo ndipo kosa kubwa la wasifu wa hoteli linapotokea. Wageni 115 ni wa mgahawa mzima. Si wa mtu mmoja. Anayeandika "nilihudumia wageni 115 kila asubuhi" ataulizwa na meneja swali jepesi tu: mlikuwa wahudumu wangapi kwenye zamu? Walikuwa wanne. Kila mmoja alikuwa na stesheni yake ya meza saba, watu 25 hadi 30. Hiyo ndiyo idadi ya mhudumu wetu, na ni idadi ya kuheshimika. Kwenye bafe, ambako mgeni hujichukulia chakula mwenyewe na mhudumu huleta vinywaji, huchukua oda za mayai na kuondoa sahani, mtu mmoja kwa wageni 25 au 30 ni mzigo wa kawaida. Kwenye chakula cha kuagiza idadi hushuka hadi 12 au 16, na kwenye mgahawa wa hadhi ya juu wenye kozi nyingi na mvinyo hushuka zaidi. Meneja anazijua hesabu hizi kama mshonaji anavyozijua futi zake. Ukimwambia ulihudumia peke yako watu 60 wa chakula cha kuagiza kila jioni, hatakuona hodari. Ataona ama unatia chumvi, ama huduma ya pale ilikuwa mbovu.

Ukifanya hesabu hii kwa uangalifu, unaweza kugundua jambo ambalo hata wahudumu wenyewe hawalitambui. Novemba, wageni waliposhuka hadi 64, hoteli ilibakiza wahudumu wawili kwenye zamu ya asubuhi. Kila mmoja akawa na wageni 32, wengi kuliko wa Agosti. Msimu wa chini haukuwa mwepesi kwa mfanyakazi aliyebaki. Hilo lina thamani kwenye wasifu, kwa sababu linaonyesha kwamba wakati wa kupunguza watu hoteli iliamua kubaki na yeye, naye akaweza.

Jambo lingine la kuchunga ni siku kuu. Usiku wa Desemba 31 mgahawa ulilisha watu 210, wakiwemo waliotoka nje ya hoteli. Siku hiyo ina haki ya kutajwa, ila itajwe kama ilivyo, usiku mmoja wenye jina lake, isije ikageuzwa kuwa wastani wa mwaka. Mstari wa kwanza wa mhudumu wetu sasa unasomeka hivi:

Hoteli ya ufukweni, vyumba 64, mgahawa wa viti 120. Kifungua kinywa cha bafe: wageni 60–115 kwa asubuhi, stesheni yangu meza 7, wageni 25–32. Chakula cha jioni cha kuagiza: wageni hadi 45, wahudumu 3, wastani wa wageni 15 kwangu. Nilikuwa kwenye timu ya wahudumu 9, mkesha wa Mwaka Mpya 2024, wageni 210.

Angalia kwamba hakuna shilingi wala dola humo. Mauzo ya mgahawa ni siri ya hoteli, na anayeyamwaga kwenye karatasi ya kuombea kazi humwonyesha mwajiri mpya kwamba kesho atayamwaga na ya kwake. Idadi ya wageni na ya meza inatosha.

Idara nyingine zina vipimo vyake. Mtu wa usafi wa vyumba huhesabu vyumba kwa zamu, na mara nyingi ni kati ya 12 na 15, lakini lazima atenganishe vyumba vya wageni wanaoondoka na vya wanaoendelea kulala. Chumba cha kuondokewa huchukua nusu saa hadi dakika 45 kwa sababu kinaandaliwa upya chote, wakati cha anayebaki huweza kumalizika kwa dakika 20. Vyumba 12 ambavyo 9 vyake vimeondokewa ni kazi nzito kuliko vyumba 15 ambavyo viwili tu vimeondokewa, na msimamizi yeyote ataliona hilo kwa kutazama mara moja. Mtu wa mapokezi ataje wageni anaowapokea na kuwaaga kwa zamu, na mfumo wa kompyuta aliotumia. Mpishi ataje sahani zinazotoka na upande wa jiko aliosimama: wa moto, wa saladi, wa kuchoma au wa mikate na keki.

Zamu ni majukumu, si saa tu

"Nilifanya kazi zamu zote" ni sentensi inayoficha kazi nyingi kuliko inavyoonyesha. Zamu ya asubuhi na zamu ya jioni katika mgahawa huohuo ni kazi mbili tofauti, na anayeajiri huwa anatafuta mtu wa mojawapo.

Mhudumu wetu alikaa akaziandika kama zinavyokwenda. Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili, na bafe ilifunguliwa saa moja. Ile saa moja ya kwanza ndiyo iliyobeba zamu yote: kukagua meza, kung'arisha glasi na vijiko, kupanga vikombe, kuwasha maji ya kupashia vyombo vya bafe, kupima joto la kila chombo na kuliandika, kisha kusoma orodha ya wageni wenye mzio waliolala usiku huo. Jioni kazi ilikuwa nyingine. Kuchukua oda na kuziingiza kwenye mashine, kueleza samaki wa siku, kupendekeza kinywaji kinachoendana na chakula, kufuata muda kati ya kozi moja na nyingine, na mwisho wa usiku kufunga hesabu, kulinganisha bili na fedha, na kuacha mgahawa tayari kwa wa asubuhi.

Si lazima yote hayo yaingie kwenye wasifu. Kuchukua oda na kuondoa sahani ni mambo ambayo kila mhudumu anatarajiwa kuyafanya. Yanayostahili nafasi ni yale ambayo hoteli haimpi mtu yeyote tu: ufunguo wa baa, fedha za kuanzia zamu, kufungua mgahawa kabla msimamizi hajafika, kupokea zamu na kuikabidhi kwa maandishi, kumfundisha mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mhudumu wetu alikuwa anafungua mgahawa peke yake siku mbili kwa wiki tangu mwaka wake wa pili. Jambo hilo halikuwamo kabisa kwenye wasifu wa zamani, kwa kuwa alilizoea hata akaliona la kawaida. Kwa meneja, mtu aliyeaminiwa ufunguo ameshafika nusu ya njia ya kuwa msimamizi.

Saa nazo ziandikwe kwa namna isiyoleta utata. Saa mbili yetu ya asubuhi ni saa nane kwa msomaji wa Kiingereza, na mwombaji anayetafsiri haraka huweza kujikuta ameandika kwamba mgahawa hufunguliwa saa saba za usiku. Njia salama ni saa 24: 06:00–14:00, 14:00–22:00. Kama ulifanya zamu ya kugawanywa, ile ya kuja asubuhi, kupumzika mchana na kurudi jioni, itaje wazi kuwa ni 07:00–11:00 na 18:00–22:00. Hoteli nyingi za pwani na za Ghuba hutumia zamu hiyo, na wapo wafanyakazi wengi wanaoacha kazi kwa sababu yake. Aliyekwisha kuiishi miaka mitatu ana jambo la kuonyesha.

Zamu ya asubuhi (06:00–14:00) na ya jioni (14:00–22:00) kwa kupokezana. Nilifungua mgahawa peke yangu siku 2 kwa wiki tangu 2023: ukaguzi wa bafe, joto la chakula, orodha ya mzio. Jioni nilifunga hesabu ya stesheni na kukabidhi zamu kwa maandishi. Nilifundisha wanafunzi 4 wa mafunzo kwa vitendo.

Cheti cha usafi kinachoweza kuulizwa maswali

Kwenye mafunzo ya usafi wasifu nyingi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni cheti cha kupimwa afya. Kenya na Tanzania anayeshika chakula cha watu hutakiwa kupimwa, na kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miezi 6. Cheti hicho husema kwamba siku uliyopimwa hukuwa na maradhi ya kuambukiza kupitia chakula. Hakisemi kwamba unajua kukitunza chakula. La pili ni mafunzo yenyewe ya usafi na usalama wa chakula, yanayotolewa chuoni au na mkufunzi aliyekuja hotelini. Vyote viwili huhitajika, ila viandikwe mbalimbali, kila kimoja na tarehe yake. Cheti cha afya kilichokwisha muda ni bora kukifanya upya kabla ya kutuma maombi kuliko kukiandika na kutumaini hakuna atakayeangalia.

Kwa mafunzo, mstari kamili una jina la kozi, aliyeitoa, tarehe, muda wake, na ngazi kama ipo. "Mafunzo ya usafi, 2023" haumwambii msomaji kama ulikaa darasani siku tatu au ulisikiliza mhadhara wa dakika 40 kabla ya zamu. Na kama ulisoma Chuo cha Taifa cha Utalii, chuo cha hoteli cha VETA kilichopo Njiro, Arusha, au Kenya Utalii College, usirudie usafi kama kozi ya peke yake ikiwa ulikuwa somo mojawapo la stashahada yako. Utaje ndani ya stashahada.

Neno HACCP linastahili tahadhari. Ni mfumo wa kutafuta mahali ambapo chakula kinaweza kuharibika au kuchafuka, kuanzia mlango wa stoo hadi meza ya mgeni, kisha kuweka kipimo na kumbukumbu katika kila mahali pa hatari. Ulianza miaka ya 1960 katika kuandaa chakula cha wanaanga wa Marekani, na leo hoteli kubwa nyingi huufuata. Mhudumu aliyejaza fomu za joto la bafe amefanya kazi ndani ya mfumo huo, na hana budi kusema hivyo. Lakini hajawa mtaalamu wa HACCP. Akijiita hivyo, ataulizwa mambo ya kuandaa mpango mzima wa jiko, na hatakuwa na jibu.

Maswali hayo huja kweli, na huwa mafupi. Hili ni mojawapo la aina yake. Bafe ilifunguliwa saa moja asubuhi. Saa nne kasoro robo unapima chombo cha maharage, kipimajoto kinasoma nyuzi 48. Utafanya nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani husema chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, kwa sababu kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaana kwa kasi. Nyuzi 48 zimo ndani ya hatari. Anayejua kazi hatakimbilia kukipasha wala kukimwaga. Ataangalia fomu kwanza. Kama saa tatu kipimo kilikuwa nyuzi 62, maharage hayajakaa hatarini hata saa nzima, basi atamwita mpishi yapashwe moto hadi yapite nyuzi 70 katikati, na chombo chenyewe kikaguliwe kama maji yake yamepoa. Kama hakuna aliyepima tangu saa moja, hakuna anayejua yamekaa hivyo kwa muda gani. Yatatupwa.

Jibu hilo ndilo thamani ya cheti, na linaeleza pia kwa nini fomu ya joto isijazwe kwa kubuni. Mkaguzi mzoefu huitambua fomu ya uongo bila shida: friji inasoma nyuzi 4 asubuhi, mchana na usiku kwa mwezi mzima, mwandiko mmoja, kalamu moja. Friji ya kweli hupanda mlango unapofunguliwa na mizigo inapoingizwa, halafu hushuka. Ukiandika kwamba ulisimamia kumbukumbu za joto, uwe tayari kueleza siku ambayo kipimo kilikuwa kibaya na ulichofanya.

Mzio nao una nafasi hapa. Wageni wengi wa fukwe zetu wanatoka Ulaya, ambako sheria iliyoanza kutumika Desemba 2014 hulazimisha migahawa kumjulisha mlaji kuhusu vyakula 14 vinavyosababisha mzio, kama vile karanga, ufuta, maziwa, mayai, samaki, kamba na nafaka zenye ngano. Mgeni aliyezoea hilo kwao huuliza na kwetu. Mhudumu anayejua kwamba mchuzi wa pweza unaweza kuwa na karanga zilizosagwa, na kwamba jibu la "sidhani" halifai kwa mgeni mwenye mzio, amefundishwa jambo linalookoa uhai. Mstari wa tatu wa mhudumu wetu ukawa hivi:

Usafi na usalama wa chakula: kozi ya siku 3 hotelini, Mei 2023, kwa cheti. Nilipima na kuandika joto la bafe kila saa, na nilikagua orodha ya mzio na mpishi kabla ya kila kifungua kinywa. Cheti cha afya: kimefanywa upya Februari 2025.

Tuzo na sababu yake

"Mfanyakazi bora" peke yake ni jina. Wapo waajiri wanaoizungusha tuzo hiyo idara kwa idara ili kila mtu aipate, na mameneja wanalijua hilo. Kinachoipa uzito ni sababu: nani alichagua, kati ya watu wangapi, na kwa lipi. Mhudumu wetu alichaguliwa Agosti 2023 kati ya wafanyakazi 85 baada ya wageni kumtaja kwa jina mara 11 katika fomu za maoni za mwezi huo. Sasa tuzo ina mwili. Ukiipata mara moja kwa sababu inayoelezeka, imezidi tuzo tano zisizo na maelezo.

Kwa Tanzania ipo pia zawadi ya mfanyakazi hodari inayotolewa Mei Mosi. Wanaoipata wanaifahamu heshima yake, lakini msomaji wa Doha au Muscat haifahamu. Andika kwa ukamilifu: mfanyakazi hodari wa idara ya chakula na vinywaji, aliyechaguliwa na uongozi pamoja na wafanyakazi wenzake, Siku ya Wafanyakazi Duniani, na mwaka wake.

Tuzo za hoteli zisigeuzwe kuwa za mtu. Alama ya Travellers' Choice ya Tripadvisor hupewa hoteli au mgahawa kutokana na maoni ya wageni, na vivyo hivyo nyingi ya zile ngao zinazotundikwa mapokezi. Ni halali kuandika kwamba ulikuwa kwenye timu mgahawa ulipopata alama hiyo. Kuiweka chini ya kichwa cha "tuzo zangu" ni kujipa cha wenzako, na msomaji atakigundua mara moja. Maoni ya mgeni yaliyokutaja kwa jina ni mali yako zaidi. Unaweza kunukuu sentensi moja na kutaja mwezi, bila kuandika jina la mgeni. Vyeti vya kuhudhuria semina si tuzo, vipelekwe kwenye mafunzo. Bakshishi haiandikwi kabisa.

Na ipo tuzo moja ambayo wengi hawaijui kuwa ni tuzo. Hoteli ya mhudumu wetu hufungwa kila mwaka kuanzia katikati ya Aprili hadi mwisho wa Mei, na mikataba huisha. Si wote wanaoitwa Juni. Yeye aliitwa miaka yote mitatu: 2022, 2023 na 2024. Mwajiri anayemjua mtu ndani nje, mwenye nafasi ya kumwacha bila lawama, akamwita tena mara tatu, ametoa hukumu nzito kuliko cheti chochote cha ukutani. Kwenye wasifu wa zamani miezi hiyo ya kufungwa ilionekana kama mapengo. Sasa imekuwa ushahidi:

Mfanyakazi bora wa mwezi, Agosti 2023, kati ya wafanyakazi 85: nilitajwa kwa jina na wageni mara 11. Mikataba ya msimu 2022–2025. Hoteli hufungwa Aprili 15 hadi Mei 31 kwa masika, nami niliitwa tena kila mwaka.

Mapengo mengine nayo yaelezwe kwa mstari mmoja. Mwaka 2020 Kenya ilisimamisha safari za ndege za kimataifa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti 1, na hoteli nyingi za pwani zikabaki tupu. Anayesoma wasifu wa mtu wa hoteli anaujua mwaka huo. Haihitaji hadithi, inatosha kuandika kwamba hoteli ilifungwa kwa sababu ya korona, na ulichofanya wakati huo kama kipo.

Nani atasema ni kweli

Mistari yote hii inasimama ikiwa yupo wa kuithibitisha. Wadhamini wawili wanatosha, na aliye bora ni msimamizi aliyekuona kwenye zamu, kuliko mkurugenzi ambaye hawezi kulikumbuka jina lako. Mameneja wa hoteli huhama mara kwa mara, basi mwombe ruhusa na namba yake kabla hujaondoka wewe au yeye, kisha weka na namba ya ofisi ya ajira ya hoteli.

Zaidi ya hapo, dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zote humtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti hicho kazi inapokwisha. Huonyesha cheo na tarehe ya kuanza na kumaliza. Wengi huondoka mikono mitupu kwa kuwa mkataba wa msimu umekwisha na kila mtu ana haraka ya kupanda daladala kwenda nyumbani. Miaka miwili baadaye hoteli imebadilisha wamiliki na hakuna wa kuulizwa.

Mhudumu wetu hakuongeza sifa hata moja ambayo hakuwa nayo. Stesheni ya meza saba, ufunguo wa asubuhi, fomu za joto na kuitwa tena kila Juni, vyote alikuwa navyo tangu zamani. Ila ilimbidi akisie baadhi ya hesabu kwa kumbukumbu, na hilo wewe unaweza kuliepuka. Nunua daftari dogo. Mwisho wa kila wiki andika wageni wa stesheni yako, zamu ulizofanya, jukumu jipya ulilopewa, mafunzo uliyohudhuria na nani alikusifu kwa lipi. Usiandike majina ya wageni wala mauzo ya hoteli. Siku ya kuomba kazi fungua daftari hilo, na kila mstari unaouhamishia kwenye wasifu uwe ule unaoweza kuueleza ukiwa umekaa mbele ya meneja anayeijua kazi kuliko wewe. Usioweza kuueleza, ufute.